Ripoti Inapendeza, Simu Hailii

Duka linauza pampu za maji za sola jijini Arusha. Mwenye duka anatangaza kwenye utafutaji wa Google: mtu akiandika "bei ya pampu ya sola", tangazo lake linatokea juu ya majibu, na kila anayelibofya analipiwa. Tuchukue hesabu nyepesi, ya mfano tu: mibofyo 3,000 kwa mwezi, kila mmoja shilingi 400.

Pampu hainunuliwi siku hiyohiyo. Mkulima hutazama bei, akaondoka, akaulizia kwa jirani, kisha akarudi Google. Ndiyo maana mwenye duka ameweka msimbo kwenye tovuti yake ili Google ikusanye orodha ya waliowahi kuitembelea, kila mmoja akikaa humo siku 30. Sasa anataka kuiongeza orodha hiyo kwenye kampeni yake, na hapo skrini inamwekea chaguo mbili: Targeting na Observation. Wengi hupita hapo haraka.

Akichagua Observation, hakuna anayefungiwa mlango. Tangazo linaendelea kuonekana kwa kila anayetafuta maneno yale, ila ripoti sasa inawatenga waliomo kwenye orodha na kuonyesha mwenendo wao. Akichagua Targeting, masharti yanakuwa mawili kwa pamoja: mtu atafute maneno yale, na pia awe ndani ya orodha. Mgeni ambaye hajawahi kufika kwenye tovuti halioni tangazo hata akiandika neno lilelile.

Mwezi wa kwanza anaanza na Observation. Ripoti inaonyesha kwamba mibofyo 300 ilitoka kwa waliowahi kutembelea, na 30 kati yao waliulizia pampu. Wageni walibofya mara 2,700, wakaulizia 54. Kwa shilingi 400 kila mbofyo, ulizo moja la mtu anayerudi limegharimu shilingi 4,000. La mgeni limegharimu 20,000. Tofauti ni mara tano.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu. Mwenye duka anajiambia: kwa nini nihangaike na wageni? Anabadilisha kwenda Targeting. Ripoti inayofuata inapendeza mno, gharama ya kila ulizo imeshuka hadi 4,000. Lakini maulizo 54 kati ya 84 yametoweka, na hakuna onyo lolote kwenye skrini, kwa sababu mfumo umefanya alichoagizwa. Baya zaidi linakuja baadaye. Orodha ilikuwa ikijazwa na walewale wageni waliobofya tangazo. Wageni wakizuiwa, hakuna wapya wa kuingia, na wa zamani wanatoka kila wanapotimiza siku 30. Ikiwa tovuti haina njia nyingine kubwa ya kupata watu, hata yale maulizo 30 yataanza kupungua. Google pia huweka idadi ya chini ya watu. Orodha ikishuka chini ya hapo, tangazo haliwezi kuonyeshwa kwao kabisa.

Alichotakiwa kufanya ni kubaki Observation na kuongeza dau kwa waliomo kwenye orodha. Akiongeza asilimia 50, hata kama kila mbofyo wao utapanda hadi shilingi 600, ulizo moja litagharimu 6,000 ikiwa mwenendo wao haubadiliki. Bado ni rahisi kuliko la mgeni. Ila nyongeza hii hufanya kazi pale anapopanga madau kwa mkono. Akiwa amemwachia Google kupanga madau, mara nyingi nyongeza hiyo haizingatiwi. Mfumo unaitumia orodha wenyewe kama dalili mojawapo, naye anabaki na faida ya kuisoma ripoti.

Targeting ina mahali pake, na mimi ningeiweka kwenye kampeni ya pembeni tu. Neno kama "umwagiliaji" ni pana mno: anayelitafuta anaweza kuwa mwanafunzi mwenye kazi ya darasani. Kulilipia kwa kila mtu ni hasara. Lakini mtu aliyetazama pampu wiki iliyopita akitafuta "umwagiliaji" leo, yaelekea bado anaiwaza pampu. Hapo unafungua kampeni nyingine yenye maneno mapana na orodha ile kwa Targeting, huku ile kuu ikibaki wazi kwa wote. Waliokwisha kununua waondolewe kote, isipokuwa kama unawauzia vipuri.

Kama matangazo yako yalipungua kuonekana ghafla, kutoka maelfu kwa siku hadi makumi, usianze kulaumu dau. Fungua historia ya mabadiliko, angalia ni siku gani orodha iliongezwa, kisha ingia kwenye mipangilio ya hadhira uone chaguo lipi lina alama. Kwenye kampeni kuu liwe Observation.