Vipindi 46 Vilivyopotea

"Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa kiongozi bora wa elimu." Hivyo ndivyo lilivyoanza andiko la mwalimu mmoja wa Hisabati katika sekondari ya kata mkoani Lindi, ambaye pia ni mwalimu wa taaluma. Alikuwa anaomba kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, na pamoja na vyeti na barua za wadhamini, chuo kilimtaka aeleze dhamira yake kwa kurasa mbili. Alinipa nilipitie. Nililisoma mara mbili nisione popote shule yake ilipotajwa.

Andiko hili huwapotosha walimu wengi kwa sababu wanaliandika kama barua ya kuomba kazi. Kwenye barua ya kazi unaonyesha kwamba kazi unaiweza. Hapa wasomaji ni wahadhiri, na alama zako wameshaziona kwenye vyeti. Wanachokitafuta ni jambo uliloliona shuleni, ukahangaika nalo mpaka uzoefu ukagota, na kama masomo yao yana la kukusaidia.

Nikamwuliza, "Mwalimu, mwaka jana ni jambo gani lilikukosesha usingizi pale shuleni?" Hakufikiri hata kidogo. "Vipindi, kaka. Vipindi vinapotea."

Kumbe alikuwa na daftari. Kila kiranja wa mkondo wa kidato cha pili, ambao mwishoni mwa mwaka hufanya upimaji wa kitaifa, alipewa kazi ya kuandika kila kipindi: mwalimu kaingia au hakuingia. Kwa wiki 4 za vipindi 40, mkondo mmoja ulipaswa kupata vipindi 160. Vilivyokosa mwalimu ni 46. Yeye mwenyewe alidhani ni uvivu. Alipolinganisha na daftari la mahudhurio ya walimu, alikuta vipindi 19 vilikwenda kwenye vikao na semina nje ya shule, 12 kwenye zamu na majukumu mengine ya hapohapo shuleni, na 9 kwenye ugonjwa na ruhusa. Visivyo na sababu vilikuwa 6 tu.

Akaanzisha utaratibu wa kubadilishana: anayejua kesho hatakuwepo anamwachia mwenzake kipindi leo, naye atakilipa baadaye. Mwezi uliofuata vilivyopotea vilishuka hadi 27. Hapo akakwama. Fizikia ilikuwa na mwalimu mmoja, hana wa kubadilishana naye. Wito wa halmashauri haukuwa mikononi mwake. Na walimu wawili walimwambia wazi ofisini kwamba kuwapa wanafunzi kazi ya kuwachunga walimu ni ufitini. Aliliondoa daftari kwa viranja, akalihamishia kwa walimu wa darasa, na takwimu zikaanza kuja pungufu.

Haya yote hayakuwemo kwenye andiko. Aliona haya kuyaweka, hasa lile la ufitini, akidhani yatamwonyesha kuwa ameshindwa. Mimi naamini ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Mtu aliyegonga ukuta anaweza kuueleza ukuta ulivyo, na kutoka hapo maswali yake ya kitaaluma yanajitokeza yenyewe: mkuu wa shule anawasimamiaje walimu bila kuvunja kuaminiana? Ni maamuzi gani yako ndani ya uwezo wa shule, na yapi ni ya ofisi za juu? Baada ya hapo ndipo alipofungua orodha ya masomo ya programu akachagua mawili, usimamizi wa ufundishaji na sera za elimu, akaeleza kila moja linagusa swali lipi. Kabla ya hapo alikuwa amesifia "mazingira mazuri na wahadhiri waliobobea", sentensi ambayo unaweza kuipeleka chuo chochote bila kubadili neno.

Kuna mambo ya kuangalia kwa makini. Mkuu wa shule na wale walimu wawili hawakutajwa majina, wala andiko halikugeuka mashtaka dhidi yao. Mwombaji anayewalaumu wenzake kurasa mbili nzima anamtia msomaji wasiwasi kuhusu atakavyowaongoza. Hakudai pia kwamba ufaulu ulipanda kwa sababu ya daftari, kwani mwezi mmoja hauwezi kuthibitisha hilo. Na nakala alimpelekea mdhamini wake mapema, maana barua ya mdhamini ikimsifu kwa kwaya na michezo huku andiko linazungumzia vipindi, wasomaji watajiuliza kama wanasoma habari za mtu mmoja.

Mwanzo mpya ulisomeka hivi: "Kwa wiki nne niliandika kila kipindi ambacho mkondo mmoja wa kidato cha pili ulikaa bila mwalimu. Vilikuwa 46 kati ya 160, na sababu hazikuwa nilizozidhani."

Mwisho ndio uliomchukua muda mrefu. Alikuwa ameandika kwamba atalitumikia taifa. Akafuta, akaandika kwamba atarudi kwenye ofisi ileile ya taaluma, na kwamba jambo la kwanza atakalofanya ni kuwaita wale walimu wawili wakae naye wapange daftari litakaloshikwa na walimu wenyewe.