Kuiandikia Bima ya Ujerumani Baiskeli Inapoibwa

Nchini Ujerumani baiskeli iliyoibwa kwa kawaida hulipwa na bima ya vyombo vya nyumbani, iitwayo Hausratversicherung, ila si kila wizi unalipwa. Mwizi akivunja mlango wa nyumba au wa stoo ya chini ya jengo iliyofungwa, mkataba wa kawaida unatosha. Baiskeli ikichukuliwa barabarani, mkataba lazima uwe na kifungu cha nyongeza cha baiskeli, ambacho hulipiwa zaidi. Karani anayepokea barua ya madai huwa anailinganisha na mkataba huo: baiskeli ilikuwa wapi, saa ngapi, ilifungwa kwa nini, na polisi waliarifiwa lini. Barua nzuri inamjibu maswali hayo kwa mpangilio wa mambo yalivyotokea, na haina haja ya kueleza uchungu wa mwenye mali.

Polisi huja kwanza. Taarifa inaweza kutolewa kituoni au, katika majimbo mengi, kwenye ukurasa wa polisi wa mtandaoni uitwao Onlinewache. Mtoa taarifa hupewa uthibitisho wenye namba ya jalada, na namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye barua ya bima. Wala barua hiyo isicheleweshwe. Sheria inataka kampuni iarifiwe *unverzüglich*, yaani bila kuchelewa kwa uzembe wa mtu mwenyewe. Aliyesubiri wiki kadhaa bila sababu anaweza kupunguziwa malipo.

Tuchukue mfano wa muuguzi anayeishi Leipzig. Jioni moja alifunga baiskeli yake mbele ya kituo kikuu cha treni, akaenda Halle, na aliporudi usiku hakuikuta. Mstari wa mada wa barua yake unataja jambo, tarehe na namba ya mkataba, ili barua ifike kwenye jalada lake bila kutangatanga:

*Diebstahl meines Fahrrads am 14.05.2025, Versicherungsnummer …*

Baada ya salamu ya *Sehr geehrte Damen und Herren*, anaingia moja kwa moja kwenye tukio:

*Am Mittwoch, dem 14.05.2025, stellte ich mein Fahrrad um 18:15 Uhr vor dem Hauptbahnhof Leipzig ab. Ich schloss den Rahmen mit einem Bügelschloss an einem fest verankerten Fahrradständer an. Danach fuhr ich mit dem Zug nach Halle.*

Yaani aliegesha baiskeli saa kumi na mbili na robo jioni, akaifunga fremu kwa kufuli la chuma lenye umbo la U kwenye chuma cha kuegeshea kilichokazwa ardhini, kisha akapanda treni. Sentensi ya pili ndiyo nzito kuliko zote. Kufunga gurudumu tu, baiskeli ikabaki imesimama peke yake, huitwa *abgeschlossen*. Kuifunga kwenye kitu kisichohamishika huitwa *angeschlossen*. Mikataba mingine inaridhika na la kwanza, mingine inadai la pili. Anayeandika la kwanza wakati alifanya la pili anaweza kujinyima haki yake kwa silabi moja. Jina la kufuli nalo litajwe, kwa kuwa kampuni nyingine zinataka na risiti yake.

Saa zina mtego wake kwa mtu aliyelelewa katika Kiswahili. Akilini mwake tukio lilikuwa saa kumi na mbili na robo, na akiwa na haraka mkono unaweza kuandika 12:15. Taarifa ya polisi ikisema 18:15 na barua ikisema 12:15, karani ataona maelezo mawili yasiyopatana. Lililo salama ni kuandika tarakimu za saa 24 kama zinavyosomeka kwenye simu, na kuziacha kando saa za kusema kama *halb sieben*, ambayo ni saa kumi na mbili na nusu, si saa moja na nusu.

Sehemu inayofuata inaeleza kugundua wizi:

*Als ich um 22:40 Uhr zurückkam, war das Fahrrad nicht mehr da. Das durchtrennte Schloss lag am Boden. Ich wollte mit dem Fahrrad nach Hause fahren.*

Hapa muuguzi haandiki kwamba baiskeli iliibwa saa 22:40, kwa sababu hajui. Anajua kwamba ilikuwapo saa 18:15 na haikuwapo saa 22:40, na kufuli lililokatwa lilikuwa chini. Anachokisia hakina nafasi katika barua hii. Kufuli hilo alipige picha na kulihifadhi, kwani ndilo ushahidi kwamba baiskeli ilikuwa imefungwa.

Sentensi ya mwisho, kwamba alikuwa aende nayo nyumbani, ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mikataba ya zamani ina kifungu cha usiku: kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, bima hailipi ila baiskeli iwe bado inatumika au iwe katika chumba cha pamoja cha baiskeli kilichofungwa. Wizi huu ungeweza kutokea baada ya saa nne. Baiskeli iliyoegeshwa kituoni ikimngoja mwenyewe airudie nyumbani huhesabiwa kuwa bado inatumika; iliyoachwa barabarani hadi kesho yake haihesabiwi. Asiyeandika safari yake ilikuwaje anamwachia karani akisie.

Kisarufi barua hii haitaki ufundi mkubwa. Neno la wakati likitangulia, kitenzi hufuata hapo hapo kabla ya *ich*: *Danach fuhr ich*, si *Danach ich fuhr*. Sentensi fupi zenye *danach* na *als* zinatosha kushika mfuatano, na ni bora kuliko sentensi moja ndefu ambamo mwandishi mwenyewe anapotea.

Kisha barua inafunga hesabu:

*Am selben Abend erstattete ich Anzeige bei der Polizei. Die Vorgangsnummer lautet … Das Fahrrad ist ein schwarzes Trekkingrad, gekauft am 03.04.2023 für 749 Euro, Rahmennummer … Die Belege und die Anzeigenbestätigung finden Sie im Anhang. Bitte bestätigen Sie mir den Eingang dieser Meldung.*

Namba ya fremu mara nyingi huwa imechongwa chini ya baiskeli, penye mhimili wa pedeli, au kwenye bomba la kiti. Baiskeli ikishaondoka haisomeki tena, kwa hiyo hutafutwa kwenye risiti, kwenye pasi ya baiskeli au kwa muuzaji. Bei iandikwe ile iliyolipwa kweli. Bima hii kwa desturi hulipa thamani ya kununua mpya ya aina ileile, hadi kiwango kilichowekwa katika mkataba, hivyo kuongeza bei hakuna faida, na maelezo ya uongo ya makusudi yanaweza kumpotezea mtu malipo yote.

Baada ya hapo kampuni nyingi husubiri. Masharti ya kawaida yanataka ithibitishwe kwamba baiskeli haikupatikana ndani ya wiki tatu tangu polisi waarifiwe. Ikipatikana, kampuni iarifiwe mara moja, hata kama fedha zimekwisha kulipwa: *Das Fahrrad wurde am … wieder aufgefunden.* Aliyelipwa kikamilifu huchagua kati ya kurudisha fedha na kuikabidhi baiskeli kwa kampuni.