Majina ya Mwisho wa Filamu: Watu wa Taa na Watu wa Kreni (Sehemu ya Nne)

Akademi ya filamu ya Marekani, ambayo ndiyo hutoa tuzo za Oskari, ilitangaza Aprili 2025 kwamba kuanzia sherehe yake ya 100, mwaka 2028, kutakuwa na tuzo ya wabunifu wa michezo ya hatari, yaani wanaopanga maanguko, mapigano na ajali za magari, na kabla ya hapo ilikwisha kuamua kuwatuza wateuzi wa waigizaji. Ni uamuzi wa haki uliochelewa. Hata hivyo, wapo mafundi ambao hawana tuzo ya aina hiyo, na ambao vyeo vyao vinapopita mwishoni mwa filamu vikisomeka "Gaffer", "Key Grip" na "Best Boy", watazamaji wengi huwa wamekwisha kusimama. Kwa kuwa sehemu zilizotangulia zimeeleza kazi ya mwongozaji na ya mpigapicha mkuu, inafaa sasa kuwatazama hawa, kwa maana bila wao maagizo ya wakubwa hao wawili hubaki maneno matupu.

Anayeandikwa "Gaffer" ni mkuu wa mafundi wa taa. Mpigapicha mkuu humwambia anataka mwanga wa namna gani, naye huamua ni taa ipi itumike, ikae wapi na ipate umeme kutoka wapi. Tuseme mwigizaji amesimama mita 1 kutoka dirishani, kisha atembee hadi meza iliyo mita 4 kutoka dirisha hilo, na mwanga unatakiwa uonekane kuwa wa jua. Taa ikiwekwa nje, mita 2 kutoka dirishani, mwigizaji anaanza akiwa mita 3 kutoka kwenye taa na kufika mezani akiwa mita 6. Umbali umeongezeka maradufu, na mwanga unaomfikia umepungua hadi robo, jambo ambalo jua halilifanyi, na jicho la mtazamaji hutambua uongo huo hata kama hawezi kuueleza. Fundi mwenye ujuzi huirudisha taa nyuma hadi iwe mita 9 kutoka mahali pa kuanzia. Mezani patakuwa mita 12, na mwanga utakaofika hapo utazidi nusu ya ule wa mwanzo. Gharama yake ni kwamba kwa umbali huo, uliozidishwa mara 3, inahitajika taa yenye nguvu mara 9 ili kupata mwanga uleule mahali pa kuanzia, na hiyo ndiyo sababu ya taa kubwa na jenereta zinazoonekana nje ya nyumba ambamo watu wawili tu wanakunywa chai.

Anayeandikwa "Key Grip" ni mkuu wa kundi jingine, nalo ndilo linalostahili kuelezwa kwa kirefu. Watu wake hushughulika na kila kinachoibeba kamera: reli, kitoroli kinachosukumwa juu ya reli, majukwaa na kreni. Katika utaratibu wa Marekani wao pia huweka mbele ya taa vitambaa vya kulainisha mwanga na vizuizi vya kuukata, bila kuigusa taa yenyewe wala waya wake. Uingereza kazi hiyo ya vitambaa huachiwa mafundi wa taa, na watu wa kamera hubaki na kamera yao.

Uzito wa dhamana yao huonekana kwenye kreni ya zamani, ile ambayo mpigapicha hupanda na kukaa kwenye ncha ya mkono wake. Mkono huo huegemea mhimili, na upande wa pili huwekwa vyuma vya kusawazisha. Ikiwa kamera, kiti na mtu vina kilo 150 na viko mita 6 kutoka kwenye mhimili, basi upande mfupi wa mita 2 lazima uwe na kilo 450, na hapo mkono mzima, ujapokuwa mzito kiasi hicho, hupanda na kushuka kwa kusukumwa kwa mikono tu. Hatari huja picha inapokwisha. Mpigapicha mwenye kilo 70 akishuka kabla vyuma havijaondolewa, ncha ile hurushwa juu kwa nguvu ileile ya kilo 70 aliyoiondoa, ikaenda na kamera na yeyote aliyebaki. Kwa hiyo ipo kanuni isiyovunjwa hata na mwongozaji: hakuna anayeshuka mpaka mkuu wa kreni aseme. Watu wake kwanza huushika mkono, huondoa vyuma kwa kipimo, na mpigapicha akishashuka huiachia kidogo ile ncha. Ikitaka kupanda, vyuma bado vimezidi.

Mfano bora wa kazi yao ni mwanzo wa filamu ya Orson Welles ya mwaka 1958, "Touch of Evil". Mtu anaficha bomu kwenye buti la gari, na kamera, bila kukatwa hata mara moja kwa zaidi ya dakika 3, inapanda juu ya paa, inashuka barabarani, inalifuata gari katika mji wa mpakani, inakutana na mume na mke wanaotembea kwa miguu, inaliacha gari lipite na kulikuta tena kwenye kizuizi cha forodha. Mji huo wa Meksiko ulikuwa Venice, California, na kreni ilikuwa juu ya gari kubwa lililokuwa likirudi nyuma. Charlton Heston, aliyecheza mume huyo, alisimulia baadaye kwamba mwigizaji wa nafasi ya ofisa wa forodha alikuwa akikosea maneno yake machache mwishoni kabisa, na kila alipokosea kila kitu kilirudishwa mwanzo. Mtazamaji anaposikia hivyo humhurumia mwongozaji, lakini anayestahili kuhurumiwa ni yule aliyekuwa akiusawazisha mkono wa kreni usiku kucha, hadi kukaribia mapambazuko, na kila mara akatakiwa aufikishe urefu uleule kwenye paa lilelile, kwa sababu kosa lake la nusu mita lingeharibu picha sawasawa na neno lililosahaulika.

Studio ilipoitoa filamu hiyo iliandika juu ya picha hiyohiyo majina ya waigizaji na wakuu wa idara. Waliosukuma kreni hawakuwamo. Kazi yao ilifunikwa kwa majina ya wengine. Welles alikuwa amepinga mabadiliko mengi ya studio katika waraka wa kurasa 58, na mwaka 1998 mhariri Walter Murch, akiufuata waraka huo, aliyaondoa maandishi hayo, ndipo mwendo wa kreni ukaonekana wote. Filamu za zama hizo kwa kawaida hazikuorodhesha mafundi wa ngazi hiyo, na orodha ndefu za mwishoni, zilizozoeleka kuanzia miaka ya 1970, ni haki iliyopatikana kwa kuchelewa, ambayo vituo vya televisheni huinyang'anya tena kwa kuibana orodha kwenye pembe ya kioo ili kutangaza kipindi kifuatacho.

Naye "Best Boy" si mtoto, wala si lazima awe mwanamume. Ni msaidizi mkuu, mmoja wa upande wa taa na mmoja wa upande wa kreni, na kwa sababu hiyo cheo hicho hutokea mara mbili. Siku hizi baadhi ya filamu huandika "Assistant Chief Lighting Technician" kwa yule wa taa. Kila mmoja wa wasaidizi hao huajiri vibarua, hukodi vifaa, huandika saa za kazi na kuvirudisha vifaa vikiwa kamili. Yule wa taa pia hugawa mzigo wa umeme katika njia tatu za jenereta, na kuupima kila taa kubwa inapowashwa, kwa kuwa mzigo ukiegemea njia moja, waya wa kurudishia umeme hupata moto, na dalili ya kwanza huwa ni kiunganishi kilicho moto kuliko wenzake.

Kuhusu tuzo, ugumu wake ni kwamba waamuzi wangeiona picha tu, wala si kanuni ya kushuka kwenye kreni. Jina linalosomeka mpaka mwisho linawezekana leo, na halimgharimu mwenye kituo cha televisheni zaidi ya dakika chache. Sehemu ijayo itawaeleza watu wa sauti, kuanzia na anayeshika mlingoti wa maikrofoni.