Kiharusi: kwa nini karatasi ya mtaalamu wa kumeza inakataza maji

Mgonjwa wa kiharusi akitoka hospitali, mara nyingine hupewa karatasi ya mtaalamu wa usemi na kumeza. Kinachoshangaza familia ni kwamba inakataza maji.

Tuchukue mfano wa mzee aliyelegea upande wa kuume. Mtaalamu anamkalisha wima, anampa maji kijiko kimoja kimoja. Kwa kijiko cha tatu mzee anakohoa, na sauti inakuwa kama ya mtu mwenye maji kooni. Uji mzito unapita vizuri.

Maji hukimbia kabla koo halijafunga njia ya hewa. Yakiingia mapafuni, huweza kuleta nimonia. Kwa hiyo mzee huyu atakunywa vinywaji vilivyozidishwa uzito tu, hata chai. Chakula kinapondwa hadi kiwe laini, bila mabonge, kikae juu ya uma bila kuchuruzika. Ugali unaonata haufai, wala sombe yenye nyuzi. Supu yenye vipande pia ni hatari: mdomo ungali unatafuna nyama, mchuzi umekwisha teremka.

Alishwe akiwa macho kabisa, ameketi wima, kwa kijiko kidogo, upande wa kushoto wa mdomo. Halafu tazameni shavu la kuume, kwani chakula hubaki pale bila yeye kusikia. Akae hivyo dakika 30 kabla ya kulala.

Wengine maji huwaingia mapafuni bila hata kikohozi. Mkiona homa, pumzi ya haraka au sauti yenye maji baada ya kula, simamisheni kumlisha na mumrudishe kwa muganga siku hiyo hiyo.