Mwaliko Ukirudi, Soma Sababu Kwanza

Tuseme semina ya walimu imebakiza wiki mbili. Mwandaaji ametuma mialiko kwa barua pepe kwa wote waliojiandikisha, na kesho yake anakuta kisanduku chake kimejaa barua kutoka kwa Mail Delivery Subsystem. Wengi huzifuta wakidhani ni takataka, kumbe kila moja inahusu mtu ambaye hajui kuwa ameitwa.

Ndani ya barua hiyo mna namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, kikwazo ni cha muda, pengine seva ya upande wa pili imeelemewa. Seva yako itarudia kutuma yenyewe, mara nyingi hadi siku 5, ndipo iache. Ikianza na 5, barua imekataliwa.

Hata zilizokataliwa hazifanani. `550 5.1.1` maana yake anwani hiyo haipo. `550 5.7.26`, inayotoka Gmail, maana yake ni kwamba wewe mtumaji hujathibitishwa. Hapo mwalikwa hana kosa, na kumfuta kwenye orodha ni kumwonea. Mtaalamu wako wa kompyuta aweke rekodi za SPF na DKIM kwenye domeini yenu, kisha mtume upya.

Kwa anwani isiyokuwepo, simu ndiyo mkombozi. Chukua mwalimu aliyeandika `gmial.com` badala ya `gmail.com`. Mkono unawasha kusahihisha, lakini usibahatishe. Huenda amekosea na herufi za mwanzo pia, na anwani uliyoitengeneza ikawa ya mtu mwingine kabisa, akapokea mwaliko wenye taarifa za mwenzake. Mwandikie meseji isiyozidi herufi 160, ili isihesabiwe kuwa mbili:

“Mwalimu, mwaliko wa semina ya tarehe 14 umerudi. Anwani yako kwetu inaishia gmial.com. Tuandikie sahihi, au jibu NDIYO upate mwaliko kwa meseji.”

Asipojibu kwa siku mbili, mpigie. Meseji kufika kwenye simu si uthibitisho kwamba imesomwa.

Wapo ambao hawatakuwa na anwani ya kukupa. Walifunguliwa barua pepe siku waliponunua simu, na nywila wameshaisahau. Hao wapewe siku, saa, mahali na namba ya usajili kwa meseji, bila kulazimishwa kufungua anwani mpya.

Kisha andika kwenye daftari, mbele ya jina: “meseji”. Waandaaji wengi huiruka hatua hii, na athari yake huonekana ukumbi unapobadilishwa siku tatu kabla. Tangazo hutumwa kwa barua pepe peke yake, na waliotafutwa kwa shida wanaachwa tena. Kila tangazo litumwe kwa njia zote mbili, na fomu yako ijayo iwe na nafasi ya namba ya simu.