Unapokata Mafuta, Punguza Seti Kabla ya Kupunguza Uzito wa Chuma

Mtu akianza kupunguza mafuta mwilini, jambo la kwanza analofanya jimu ni kuongeza mazoezi. Anachukua vyuma vyepesi, anapiga marudio ishirini au thelathini, anaongeza seti mpaka jasho linamiminika, akiamini kwamba misuli "itachongeka". Wiki sita baadaye mafuta yamepungua kweli, lakini kifua nacho kimesinyaa na nguvu zimekwenda. Naliona hili mara nyingi, na linaniuma, kwa sababu kazi ya kupunguza mafuta ilikuwa tayari imefanywa na sahani. Vyuma vilikuwa na kazi nyingine kabisa: kuupa mwili sababu ya kuendelea kuutunza msuli wakati chakula kimepungua.

Kazi hiyo haihitaji seti nyingi kama kazi ya kujenga. Kwanza tuelewane tunahesabu nini. Seti inayohesabika ni ile nzito, unayoimaliza ukiwa umebakiza marudio moja hadi matatu tu ya kukushinda. Seti za kupasha mwili joto hazimo. Hesabu ni ya wiki nzima kwa kila kundi la misuli, na zoezi linalogusa msuli kwa pembeni lihesabu nusu. Ukisukuma chuma kwenye benchi seti nne, kifua kimepata nne na msuli wa nyuma ya mkono umepata mbili.

Mwaka 2017 Brad Schoenfeld na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti nyingi kuhusu idadi ya seti, wakaona kwamba waliofanya seti kumi au zaidi kwa wiki kwa kila msuli walijenga zaidi ya waliofanya chini ya tano. Hiyo ni hesabu ya kujenga. Kuhusu kutunza, utafiti wa Bickel na wenzake wa mwaka 2011 unafungua macho. Baada ya wiki 16 za mazoezi ya miguu, baadhi ya washiriki walipunguziwa kazi hadi moja ya tisa ya ile ya awali kwa wiki 32, na vijana wakabaki na misuli yao. Wenye umri wa miaka 60 hadi 75 hawakuweza kuutunza ukubwa wa misuli kwa kazi ndogo namna hiyo. Tena washiriki hao hawakuwa kwenye upungufu wa chakula, kwa hiyo nisingemshauri anayekata mafuta ashuke mpaka huko. Ila tunajua kwamba kati ya seti za kujenga na seti za kutunza kuna nafasi kubwa ya kupunguza bila hasara.

Kwa hiyo anza na seti ulizokuwa ukifanya kabla ya kupunguza chakula, mradi ulikuwa ukizimudu. Usiongeze hata moja. Kwa watu wengi hizo zitakuwa kati ya nane na kumi na tano kwa kila msuli mkubwa. Kisha acha daftari likuambie lini upunguze.

Tuchukue mfano wa kijana wa kilo 84 anayefanya mazoezi siku nne kwa wiki. Amepunguza takriban kalori 500 kwa siku, anakula protini ya gramu 160 hivi kutoka kwenye mayai, samaki, dagaa na maharage, na mzani unashuka kama nusu kilo kwa wiki. Kasi hiyo ni salama. Kwa uzito wake, kushuka zaidi ya gramu 800 kila wiki kungekuwa kuuweka msuli rehani. Kifua chake kinapata seti 14: Jumatatu benchi seti nne na dambeli kwenye benchi la mwinamo tatu, Alhamisi benchi nne tena, kisha kufungua na kufumba mikono kwa dambeli tatu. Ana pia seti nne za kusukuma chuma juu ya kichwa na sita za nyuma ya mkono peke yake.

Wiki nne za mwanzo, seti yake ya kwanza ya benchi kwa kilo 80 ilikuwa marudio manane, akibakiza mawili. Wiki ya tano, Jumatatu akapata saba. Alhamisi sita, tena kwa taabu. Jumatatu iliyofuata sita, na viwiko vinauma. Hapo ndipo pa kuangalia, kwenye seti ya kwanza, kwa sababu za mwisho hushuka kwa sababu nyingi. Siku moja mbaya haitoshi kukufanya ubadili kitu: huenda hukulala, au ulikula vibaya jana. Siku tatu mfululizo ni habari nyingine.

Swali linalofuata ni kama kushuka huko ni kwa msuli mmoja au kwa mwili mzima. Daftari linaonyesha skwati ya kilo 100 haijatetereka, na mazoezi ya kuvuta ya mgongo yako palepale. Basi tatizo liko kwenye kusukuma. Ukihesabu utaona kwa nini: msuli wa nyuma ya mkono una seti zake sita, tena unapata nusu ya seti 15 za kusukuma, jumla 13 na nusu. Hakuna aliyepanga kuupa kazi yote hiyo.

Anachopunguza ni seti za mwishoni, zile zinazofanywa mtu akiwa amechoka tayari. Benchi inakuwa tatu kila siku, dambeli za mwinamo mbili, kufungua mikono mbili. Kifua kimeshuka kutoka 14 hadi 10. Seti za nyuma ya mkono zinakuwa tatu, na jumla ya msuli huo inashuka hadi tisa. Mgongo na miguu haviguswi. Chuma kinabaki kilo 80, hata kama kwa wiki moja atapata marudio matano tu huku akibakiza moja. Uzito ule ndio unaouambia mwili kwamba msuli huu bado unahitajika.

Akisubiri wiki mbili na seti ya kwanza ikarudi saba au nane, abaki kwenye kumi. Kishawishi cha kurudisha zile nne kitakuja, akikatae, maana chakula bado ni kidogo. Isiporudi, ashuke hadi saba au nane.

Kama kila kitu kingeshuka kwa pamoja, skwati, benchi na kuvuta, huku usingizi ukikatika na hasira zikiwa karibu, kupunguza seti za kifua kusingesaidia. Hapo fanya wiki moja ya nusu ya seti zote kwa uzito uleule, na uangalie mzani. Ukishuka kupita kiasi, rudisha kalori 200 au 300, hasa za wanga: viazi, wali, ndizi. Miguu peke yake ikilegea, hesabu kwanza mbio za asubuhi ulizoongeza. Na nguvu zikipotea ghafla pamoja na homa na maumivu ya viungo, nenda kapime malaria kabla ya kulaumu ratiba.

Chakula kikirudi kawaida, ongeza seti mbili kwa wiki kwa kila msuli, ukiangalia ile seti ya kwanza. Ikianza kupanda hata kabla hujafika idadi ya zamani, simama hapo kwa muda.