Betri ya Lithiamu Kwenye Inveta ya Zamani: Kwa Nini Umeme Hukatika Ghafla

Wakazi wengi wenye inveta majumbani, madukani na kwenye mashine ndogo za kusaga wameanza kuondoa betri za asidi na kuweka betri za lithiamu, hususan zile zenye lebo ya LiFePO4. Betri hizo ni nyepesi, hazihitaji kuongezwa maji, na hustahimili kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo, inveta iliyotengenezwa kwa ajili ya betri ya asidi haitambui kwamba betri imebadilishwa. Huendelea kuchaji na kukata umeme kwa vipimo vya zamani, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Makala haya yanaeleza kilichotokea katika zahanati moja, kwa kuwa matatizo yake yalikusanya karibu yote yanayoweza kumpata mwananchi.

Zahanati hiyo ilikuwa na inveta ya volti 12 yenye uwezo wa wati 2,000, iliyounganishwa na betri mbili za asidi za ampea-saa 100 kila moja. Ziliwekwa badala yake betri moja tu ya lithiamu ya ampea-saa 100. Hesabu ya muuzaji haikuwa ya uongo. Betri ya asidi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake ikiwa inatakiwa idumu, ilhali ya lithiamu hutoa sehemu kubwa ya akiba yake bila madhara. Kwa akiba ya umeme, betri moja ilikaribia kulingana na zile mbili. Kilichosahauliwa ni kasi ya kuutoa umeme huo, yaani ampea.

Ndani ya betri ya lithiamu mna bodi ya ulinzi, ambayo kwenye lebo huandikwa BMS. Kazi yake ni kuitenga betri pale volti inapozidi, inapopungua mno, au mkondo unapokuwa mkubwa kupita kiasi. Betri ya asidi haina kitu cha namna hiyo. Ukiitwisha mzigo mzito, volti yake hushuka na taa hufifia, lakini hujikongoja hadi mzigo upungue. Betri ya lithiamu haijikongoji. Ikifikia ukomo wake, hukata.

Bodi ya betri ya zahanati ilikuwa na ukomo wa ampea 100. Chombo cha kutakasia vifaa kilitumia wati 1,000 na taa wati 60. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea ndani ya inveta, betri ililazimika kutoa takribani wati 1,200. Ukigawa kwa volti 12.8 unapata ampea 94, kiasi kilichokuwa bado ndani ya ukomo. Lakini jokofu la dawa nalo lilikuwa kwenye inveta hiyohiyo. Kompresa ya jokofu, katika sekunde ya kuamka, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Ikivuta wati 600 kwa muda huo mfupi, jumla hukaribia ampea 147. Bodi hukata, na chumba cha kujifungulia hubaki gizani.

Wahudumu walieleza kwamba tatizo lilikuwa likija na kuondoka bila mpangilio. Mpangilio ulikuwepo: giza liliingia pale tu kompresa ilipoamka wakati chombo cha kutakasia kinafanya kazi.

Namna ya kutambua ni nani aliyekata umeme si ngumu, na mwananchi anaweza kuiangalia mwenyewe. Inveta inapokata kwa sababu volti imeshuka, kwa kawaida hulia kwanza, na kioo chake hubaki kikiwaka na kuonyesha onyo. Bodi ya betri inapokata, inveta nzima hufa papo hapo pamoja na kioo chake, kana kwamba waya umechomolewa. Fundi akipima kwenye vichwa vya betri wakati huo hukuta sifuri au volti chache tu. Zima vifaa vyote, kisha subiri kidogo. Bodi nyingi hurudi zenyewe mzigo ukiondolewa, na nyingine husubiri umeme wa chaji uingie.

Tatizo la pili lilikuwa katika chaji. Inveta ilikuwa imepangwa kwa betri za asidi za maji, na kila baada ya muda ilitoa chaji ya kusawazisha yenye volti zaidi ya 15. Kwa betri ya maji chaji hiyo ina faida. Betri ya lithiamu ya volti 12 ina seli nne, na kila seli haipaswi kuvuka volti 3.65, yaani 14.6 kwa betri nzima. Seli moja ikitangulia kufika hapo, bodi hufunga njia ya chaji ilhali nyingine bado hazijajaa. Inveta huona volti ikiruka ghafla, hutoa onyo, na mtumiaji hudhani chaja imeharibika.

Marekebisho yalifanyika kwenye inveta yenyewe. Aina ya betri ilibadilishwa kuwa USE, inayoruhusu mtu kuingiza vipimo vyake. Chaji kuu iliwekwa volti 14.2, chaji ya kushikilia 13.5, na chaji ya kusawazisha ikazimwa kabisa. Inveta isiyo na chaguo hilo inaweza kuwekwa kwenye AGM, mradi kitabu chake kionyeshe kwamba chaji haizidi volti 14.4 na kwamba haisawazishi. Pale vipimo vya mtengenezaji wa betri vinapotofautiana na hivi, vya mtengenezaji ndivyo vifuatwe.

Liko pia jambo la alama za ujazo kwenye kioo, ambazo binafsi naziona ndizo zinazowahadaa watu wengi zaidi. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia huonyesha takribani volti 12.7. Betri ya lithiamu yenye volti hizo inakaribia kuisha. Hivyo inveta ya zamani huendelea kuonyesha kwamba betri imejaa karibu muda wote, kisha umeme hukatika bila dalili. Katika zahanati, ukomo wa chini wa inveta ulipandishwa kutoka volti 10.5 hadi 12.0, ili inveta ilie na kukata kabla bodi ya betri haijafika huko. Hilo lina maana kubwa, kwani bodi ikishakata kwa betri kuisha, chaja nyingi za zamani hushindwa kuiamsha: haziioni volti yoyote, basi hudhani hakuna betri.

Kwa upande wa mzigo, iliongezwa betri ya pili ya aina, umri na uwezo uleule, baada ya kila moja kujazwa peke yake na baada ya kuthibitisha kwamba mtengenezaji anaruhusu kuziunganisha sambamba. Ukomo sasa ni ampea 200. Waya kati ya betri na inveta ulibadilishwa kuwa wa milimita za mraba 50, ukawekewa fyuzi ya ampea 200, maana waya mwembamba hupata joto na hushusha volti. Kabla ya betri ya pili kununuliwa, wahudumu walitumia njia isiyo na gharama: jokofu lilichomolewa kwa muda vifaa vilipokuwa vikitakaswa.

Betri kuukuu za asidi hazikuunganishwa pamoja na hizo mpya, ingawa moja ilikuwa bado nzima. Volti zake za kujaa na kupumzika ni tofauti, na zikifungwa pamoja moja hulazimika kuibeba nyingine mchana na usiku.